Kisanduku cha Tarakimu Moja

Jumanne, tarehe 16 Januari 1996, saa mbili kasoro robo asubuhi, katika biro ya mradi wa kipindupindu mjini Kalemie, safu ya CHUPA ya kituo cha Moba ilionyesha wastani wa 12.1. Mpaka mwisho wa Septemba, safu hiyohiyo ya kituo hichohicho ilikuwa imeonyesha 7.3.

Virginie alihesabu mara ya pili, kisha akachapisha ukurasa. Printa ya sindano ilipiga kelele mpaka Emile, fundi wa radio, akachungulia kutoka chumba cha pili akiwa na visikizio shingoni.

"Mama Virginie, unachapa ao unasaga mihogo?"

"Ninachapa. Moba wako hewani leo?"

"Saa nne na saa kumi, betri yao ikikubali."

Safu ya CHUPA, iliyotoka katika fishi, yaani fomu za wagonjwa, ilikuwa na kazi moja: kuonyesha kila mgonjwa aliyetundikiwa seramu, yaani dripu, alimaliza chupa ngapi. Mwisho wa mwaka wastani wake ulizidishwa kwa idadi ya wagonjwa waliotarajiwa, na jibu ndilo lililopakiwa kwenye boti kwenda Moba. Virginie alikuja Kalemie mwezi wa kumi, pamoja na programu mpya ya kompyuta, akitokea chuo kikuu cha Lubumbashi. Programu ya zamani ilizimwa tarehe 30 Septemba. Tangu tarehe 1 Oktoba vituo vyote viliingiza wagonjwa wao katika mpya, na siku hiyohiyo Moba ikapanda.

Mkuu wa biro, Papa Adalbert, alikwisha kupata sababu. Alimwita Virginie kabla ya saa tatu. Mezani kwake palikuwa na sahani ya ndakala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, naye alikuwa akiwashika mkia mmoja mmoja, akiwatafuna na kichwa, kisha akifuta vidole kwenye karatasi iliyokuwa karibu. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa orodha ya wagonjwa wa Desemba.

"Kaa, mutoto wangu. Umeona Moba?"

"Nimeona, Papa."

"Mwaka jana tuliwapelekea chupa elfu moja mia nne. Fishi zao zikaonyesha mia nane sitini na moja. Mia tano na thelathini na tisa zimeenda wapi? Huyu Bertille anaziuza. Sasa programu mpya imekuja, ameogopa. Anaandika chupa nyingi kwa kila mugonjwa ili kufunika."

Bertille alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha Moba. Virginie hakuwahi kuonana naye.

"Ameulizwa?"

"Mwizi anaulizwa na parke," alisema Adalbert, yaani mwendesha mashtaka. Alisukuma bahasha iliyokwisha kufungwa. "Barua ya kumusimamisha kazi njo hii. Inapanda boti ya Jumamosi pamoja na askari mbili. Kutoka kwako nataka ukurasa mumoja tu: kwamba safu imepanda, tena imepanda baada ya programu kubadilika. Daktari mkuu wa Lubumbashi anapenda watu wa takwimu. Ukisema wewe, ataamini."

"Ya kwamba imepanda, hiyo ni kweli."

"Basi andika."

"Kwa nini imepanda, sijajua."

Adalbert alicheka, na kipande cha ndakala kikaruka kikatua kwenye bahasha. Alikifuta kwa kidole gumba, akaacha mstari wa mafuta juu ya jina la Bertille. Virginie aliuangalia mstari ule. Aliona kuwa ni jambo dogo, lakini hakuona sababu ya kujidanganya kwamba halimchukizi.

Alirudi mezani kwake, akafanya kile ambacho angefanya hata kama bahasha isingekuwapo. Kwanza aliangalia vituo vingine. Kalemie mjini ilikuwa 6.2 kabla ya programu mpya, na 6.3 baadaye. Nyunzu haikusogea. Kwa hiyo programu peke yake haikuwa jibu. Kama ingekuwa inaongeza hesabu, ingewaongezea wote. Kisha aliangalia fishi za bohari. Kalemie na Nyunzu walipokea chupa za lita moja, Moba chupa za nusu lita. Hilo lilikuwa hivyo tangu mwaka 1992 na halikubadilika Oktoba. Kipimo hakikubadilika, basi, lakini alilitia alama. Wastani wa 7.3 wa chupa za nusu lita haufiki lita nne. Mtu mzima wa kilo hamsini aliyekaukiwa kabisa anahitaji lita tano katika saa tatu za kwanza tu, na bado ataendelea kuharisha.

Mwenye data ya Moba alikuwa Pontien. Ndiye aliyekusanya fishi za kituo, akaziingiza kwenye kompyuta ya misheni, na kuzituma kila mwezi kwa disketi. Swali lilikuwa lake. Barua rasmi, zile za Kifaransa, zilipita kwanza kwa Adalbert zikatiwe sahihi. Ujumbe wa Kiswahili wa kuulizana kazi haukuhesabiwa kuwa barua. Virginie aliandika kwa Kiswahili, mistari michache, kwa kuwa imeli ya radio ilikwenda polepole na kila herufi ilikula betri ya Moba.

*Kwa Papa Pontien, Moba. Kutoka kwa Virginie, takwimu, Kalemie. 16.1.96.*

*Habari ya huko. Nauliza juu ya safu ya CHUPA. Oktoba 94 hadi Septemba 95: wagonjwa 118 waliotundikiwa, wastani 7.3, mkubwa kabisa 9. Oktoba 95 hadi leo: wagonjwa 64, wastani 12.1, mkubwa kabisa 21. Kalemie na Nyunzu hawakubadilika. Najua chupa zenu ni nusu lita, kabla na baada.*

*Naomba uniambie: (1) Nani anajaza namba hii na anaitoa wapi? (2) Tarehe 1 Oktoba kuna kitu kilichobadilika, katika fishi, katika kuhesabu, ao katika matibabu? (3) Katika wagonjwa 118 wa zamani, 71 wana 9 kamili na hakuna hata mumoja mwenye 10. Unajua sababu?*

*Simushitaki mutu. Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi jioni, sababu Jumamosi kuna uamuzi juu ya Mama Bertille unaotegemea safu hii.*

Alisita juu ya sentensi ya mwisho. Haikuwa siri yake kuitoa. Lakini mtu anayeulizwa data anapaswa kujua data hiyo itatumika kwa nini. Aliiacha.

Emile aliisoma alipokuwa akiiingiza kwenye mashine.

"Sabini na moja wana tisa? Hiyo si kolera, hiyo ni chorale ya kanisa. Wote sauti moja."

"Njo maana nauliza."

"Na mukubwa wako anajua unauliza?"

"Hakuniuliza kama nimeuliza."

Modemu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Saa nne na dakika tisa ujumbe ulikuwa Moba.

Jibu lilikuja Jumatano saa kumi, likiwa limekatika mara mbili na radi.

*Mama Virginie. Nashukuru kuulizwa. Miaka mitatu hakuna mutu aliniuliza kitu isipokuwa tarehe ya disketi.*

*(1) Namba inajazwa na Mama Bertille ao muuguzi wa zamu. Kwenye kitanda cha kila mugonjwa kuna plasta imebandikwa. Kila chupa ikiisha wanachora kijiti kimoja kwa kalamu ya biki. Mugonjwa akitoka, vijiti vinahesabiwa, vinaandikwa katika kaye, daftari ya sale ya wagonjwa, kisha katika fishi.*

*(2) Kilichobadilika ni fishi. Fishi ya zamani, mahali pa CHUPA, ilikuwa na kisanduku kimoja. Tarakimu moja. Na programu ya zamani vilevile: ukipiga 14 inakataa, inapiga kelele. Programu mpya ina visanduku viwili.*

*(3) Kwa hiyo mutu wa chupa 9, 12, 17, wote waliandikwa 9. Haikuwa shauri letu. Novemba 92 niliandika barua Kalemie kuomba kisanduku kiongezwe. Wakajibu tuweke 9. Kopi yangu imeliwa na muchwa. Yenyewe iko kwenu, kama iko.*

*Mama Bertille amesoma ujumbe wako. Ameenda kuendelea na zamu.*

Virginie aliisoma akiwa amesimama. Maelezo yalikuwa mazuri, na maelezo mazuri ndiyo aliyokuwa akiyaogopa zaidi, kwa sababu mtu huacha kuyakagua. Kama Pontien alisema kweli, mambo mawili yangeonekana. Wagonjwa walioandikwa chini ya tisa wangekuwa na vijiti sawasawa na fishi. Walioandikwa tisa wangekuwa na tisa au zaidi, kamwe si pungufu. Alichagua namba kumi za wagonjwa wa zamani bila kuangalia majina, sita wenye 9 na wanne wenye chini ya 9, akaziweka kwenye ujumbe bila kusema katika fishi kila mmoja aliandikwa ngapi. Aliomba vijiti kama vilivyo katika kaye.

Kabla Emile hajatuma, Adalbert aliingia chumba cha radio. Alikuwa amesikia modemu ikiendelea kulia baada ya saa yake ya kawaida. Aliisoma karatasi ya Pontien akiwa ameshika miwani kama mtu anayeangalia kitu ndani ya choo.

"Kisanduku," alisema. "Wameshikwa, wanasema kisanduku. Na hiyo kaye iko mikononi mwa nani? Mwa Bertille! Leo usiku atakaa na biki atachora vijiti mpaka mukono umuume. Wewe una diploma, lakini huwajui watu wa huko."

Virginie aliona kwamba hoja ile ilikuwa na nguvu, na kwamba kilichoitoa kilikuwa kinywa kisichostahili kuwa nayo. Alijibu hoja, akaacha kinywa.

"Ni kweli, Papa. Kaye peke yake haitoshi. Nani anafungua bohari ya seramu Moba?"

"Si yeye. Masista wa misheni. Funguo wanashika wao."

"Na wanaandika?"

Adalbert alitia miwani mfukoni. Emile, ambaye miaka sita alikuwa amepokea hesabu za misheni kwa sauti, alijibu mahali pake bila kugeuka.

"Wanaandika mpaka kibiriti. Kila asubuhi, chupa zimetoka ngapi, na sahihi ya sista."

Virginie aliongeza mistari miwili kwenye ujumbe: apewe chupa zilizotoka bohari tarehe 9, 10 na 11 Februari 1995 kutoka kitabu cha masista, na vijiti vya sale yote kwa siku hizo tatu. Aliandika kwamba kitabu cha masista kisomwe na sista mwenyewe, na jina lake liwekwe.

"Unapoteza betri ya watu," alisema Adalbert.

"Ni ya mradi."

"Jumamosi boti inaondoka, na jibu ao bila jibu. Ukurasa wangu niuone Ijumaa saa sita."

Alitoka. Emile alisubiri mpaka hatua zikaisha barazani.

"Mama, mimi nina watoto watano."

"Usitume, basi. Nionyeshe kitufe nitume mwenyewe."

"Nani amesema situmi? Nimesema nina watoto watano. Mutu hawezi hata kulia kidogo katika biro hii?" Akabonyeza.

Alhamisi asubuhi, jibu likiwa bado halijafika, Virginie aliomba ufunguo wa kabati la kumbukumbu kwa kusema anatafuta fishi za Nyunzu. Ulikuwa uongo wa kwanza aliosema kazini, na haukumpendeza. Faili za mwaka 1992 zilikuwa rafu ya chini, zimelainika kwa unyevu, zikinuka mkojo wa panya. Alizipitia moja moja. Kulikuwa na risiti za mafuta, orodha za semina, mialiko ya sherehe, na barua ya kumpongeza Papa Adalbert kwa kubuni fishi ya ukurasa mmoja, "rahisi na ya kuokoa karatasi". Chini yake ilikuwa fishi yenyewe, ya stensili, wino wa buluu. CHUPA: kisanduku kimoja, kimechorwa kwa rula.

Barua ya Pontien ilikuwa katika faili iliyoandikwa *Mambo Mengine*. Tarehe 9 Novemba 1992. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya misheni, kila nukta mahali pake. Alieleza kwamba chupa za Moba ni nusu lita, kwamba watu wazima wengi wanapita kumi, na kwamba hesabu ya mwaka itakuwa pungufu kama kisanduku hakitaongezwa. Aliambatisha mfano wa wagonjwa watano. Pembeni, kwa kalamu ya kijani, mwandiko ambao Virginie aliuona kila siku kwenye ruhusa na fishi za mafuta ulikuwa umeandika: *Waweke 9. Fishi elfu tano zimekwisha kuchapwa. Hatuzirudii kwa ajili ya Moba.* Chini yake sahihi, na muhuri.

Hakushangaa. Alichohisi kilikuwa kama kuinua kifuniko cha sufuria iliyosahauliwa: harufu ilikuwa humo siku zote, mtu alikuwa tu hajainama. Yeye aliyeamuru tisa ndiye aliyesoma tisa miaka mitatu na kusema seramu inaibwa. Pengine mwaka wa kwanza alikumbuka. Pengine wa tatu alikuwa amesahau kweli. Virginie hakuwa na njia ya kujua, na hakuandika asichokijua.

Kilichoweza kujulikana kilikuwa katika disketi. Alipanga wagonjwa wa Moba wa msimu wa 94 hadi 95 kwa tarehe. Kalemie ilitarajia wagonjwa 190 wa kutundikiwa Moba, mara 7.3, wastani wa mwaka uliotangulia pia, wakapelekewa 1,400. Chupa ya mwisho iliisha tarehe 3 Machi, kwa mgonjwa wa 118. Kati ya hao 118 walikufa wawili. Baada ya hapo walikuja 72 wengine wa hali ileile, wakapewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, wale walioweza kumeza. Safu ya mwisho ya fishi ilikuwa na herufi moja tu kwa kila mtu, P kwa aliyepona, M kwa marehemu. Alihesabu M za hao 72 kwa kidole kwenye kioo. Zilikuwa kumi na saba.

Jibu la Moba liliingia saa kumi na dakika ishirini. Wanne wenye namba ndogo: fishi 3, 5, 4, 7, vijiti 3, 5, 4, 7. Sita wenye tisa: vijiti 14, 17, 9, 19, 16, 18. Kisha kitabu cha masista, kimesomwa na Sista Denise: tarehe 9 Februari zilitoka chupa 38, tarehe 10 zikatoka 44, tarehe 11 zikatoka 29. Vijiti vya sale: 38, 43, 29.

*Moja ya tarehe 10 ilivunjika*, aliandika Pontien. *Sista ameandika pembeni: imeanguka kutoka kwenye ndoano. Mama Bertille anauliza kama hiyo moja njo mumemushitakia.*

Ijumaa saa sita Virginie aliweka ukurasa mmoja mezani kwa Adalbert. Safari hii hakukuwa na ndakala. Kulikuwa na muhogo na pilipili. Aliusoma ukurasa, akafika mahali pa barua ya 1992, akaacha kutafuna.

"Uliingia kabati langu."

"Kabati la mradi, Papa. Nilisema natafuta Nyunzu. Hapo nilidanganya, na nimeliandika hilo chini."

Aliangalia chini ya ukurasa. Lilikuwapo.

"Wewe ni mugonjwa," alisema polepole. "Sikiliza. Mwaka ule tulikuwa na stensili moja. Moja! Kinshasa imekufa, Lubumbashi hawatumi kitu, watu wanapora maduka, na mimi peke yangu nimefanya fishi. Ningetupa elfu tano sababu ya kisanduku?"

"Ungeweza kuandika kando yake, kwa mkono."

"Watu hawakufa sababu ya kisanduku! Wamekufa kwa kolera."

"Mia moja kumi na nane walikuwa na kolera hiyohiyo. Walikufa wawili."

Alikunja ukurasa mara mbili, kisha akaukunjua tena. Sauti yake iligeuka, ikawa ya baba anayebembeleza, na hiyo ndiyo ilimchukiza Virginie kuliko yote iliyotangulia.

"Tuseme kosa ni la ordinatere, la kompyuta. Programu ya zamani ilikuwa na kasoro, tumeigundua, wewe umeigundua. Ninaichana barua ya Bertille, Moba wanapata chupa zao, na jina lako linaenda Lubumbashi peke yake, bila langu. Hiyo barua ya zamani inarudi pale ilipokuwa. Nani anaumia?"

Aliona kwamba yote aliyotajiwa yangewezekana. Bertille angebaki kazini. Chupa zingefika. Na mwaka mwingine, katika kituo kingine, kalamu ileile ingeandika pembeni mwa barua nyingine.

"Programu ya zamani ilifanya ilivyoambiwa," alisema. "Kopi imekwisha kwenda kwa daktari mkuu, saa nne. Emile ameiandika neno kwa neno, pamoja na maneno ya pembeni."

Adalbert aliusukuma ukurasa pembeni. Kisha akachukua kipande cha muhogo, akakichovya katika pilipili, akakila. Virginie akatoka.

Lubumbashi walijibu saa kumi na moja kasoro robo. Ujumbe ulikuwa wa mistari minne. Barua ya kumsimamisha muuguzi wa Moba isitumwe. Moba ipelekewe nyongeza ya chupa elfu moja kwa boti ya Jumamosi, na mgao wa mwaka uhesabiwe upya kwa 12 kwa kila mgonjwa. Fishi za zamani za Moba zisahihishwe kutoka kaye. Kuhusu kosa la mwaka 1992, ofisi ya Lubumbashi ilisikitika kwa *hitilafu ya mfumo wa zamani*, na ilimshukuru mkuu wa biro ya Kalemie kwa usimamizi wake.

Emile alisoma mstari wa mwisho kwa sauti, mara mbili, mara ya pili kama padri.

"Wamemushukuru, Mama."

"Nimesikia."

"Kwa usimamizi!"

"Emile, nimesikia. Andika." Alisimama nyuma yake akaamuru maneno bila kuinua sauti: "Hakukuwa na hitilafu ya mfumo. Mfumo ulikubali tarakimu moja kwa sababu fishi ilikuwa na kisanduku kimoja, na kisanduku kilibaki kimoja kwa amri iliyoandikwa pembeni mwa barua ya tarehe 9 Novemba 1992, iliyonakiliwa katika ujumbe wangu wa leo. Naomba neno hitilafu liondolewe katika kumbukumbu."

"Na sahihi?"

"Jina langu lote."

Alituma. Lubumbashi walithibitisha kupokea. Hawakujibu.

Jumamosi asubuhi bandarini katoni hamsini za chupa ishirini zilipakiwa kwenye boti. Askari wawili walikuwapo pia, wamekaa juu ya magunia ya chumvi, wakingoja kusafiri. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba safari yao imevunjika. Virginie aliwaambia. Mmoja alitaka kujua nani atawapa chakula cha siku. Karatasi ya mzigo ililetwa na dereva, imesainiwa kwa kijani. Mahali pa sababu ya nyongeza Adalbert alikuwa ameandika: *Ugonjwa umezidi Moba.* Virginie alipitisha mstari mmoja juu ya maneno yale, yakabaki yakisomeka, akaandika pembeni *Makadirio ya zamani yalikuwa pungufu*, tarehe, na jina lake. Msimamizi wa boti alimwuliza ashike ipi. Alimwambia ashike zote mbili, kwani zote mbili ziliandikwa.

Jumatatu tarehe 22, saa nne na dakika kumi na mbili, Emile alipokea ujumbe kutoka Moba. Katoni hamsini zimefika. Zimefunguliwa na kuhesabiwa mbele ya Sista Denise: chupa 998 nzima, 2 zimevunjika njiani. Aliyepokea na kutia sahihi kwa niaba ya kituo ni Mama Bertille, muuguzi mkuu.